Kutafuta nukuu ndani ya mahojiano ya saa mbili na nusu kwa kufuata alama za muda

Mkulima wa korosho akishazoea kinasa sauti, husema mengi. Anaanzia shamba alilorithi, anapita kwenye bei, anamkumbuka marehemu kaka yake, anarudi kwenye mizani ya chama, na saa mbili na nusu zinakwisha. Katika hizo, mwandishi anahitaji sekunde arobaini za redio au aya mbili za makala. Kuisikiliza sauti yote tena ili kuzipata ni kazi ya siku nzima, na sikio likichoka huanza kuruka. Unukuzi wenye alama za muda unaifupisha kazi hiyo mradi uutumie kwa jambo moja tu: kukuonyesha pa kwenda. Maneno yenyewe huyachukui kwenye unukuzi. Unayachukua kwenye sauti.

Nitafuata mfano mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nimeutunga mwenyewe, lakini umefuata namna mahojiano ya huku kwetu yanavyokwenda. Mzee mmoja wa Tandahimba anaeleza msimu wa 2007/2008, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwa korosho mkoani Mtwara. Kwa asiyeujua: mkulima anapeleka korosho chama cha msingi, zinapimwa, anapewa stakabadhi, mzigo unakwenda ghala kuu na kuuzwa mnadani. Katika miaka ile ya mwanzo malipo yalikuja kwa awamu, ya kwanza mkulima alipokabidhi mzigo na ya pili baada ya mauzo. Shika jambo hilo la awamu, maana ndilo litakaloamua kama nukuu yetu ni ya haki au si ya haki.

Saa ya faili la awali

Kabla ya kusoma neno lolote, amua ni saa ipi utakayoifuata. Mahojiano moja huwa na saa nyingi: saa ya kinasa sauti, saa ya kopi uliyomtumia mnukuzi, na saa ya kopi uliyokwishaanza kuihariri. Chagua ya faili la awali kama lilivyotoka kwenye kinasa sauti, bila kukatwa mwanzo wala katikati. Alama zote nyingine zibadilishwe zifuate hiyo. Usipofanya hivi, wiki mbili baadaye utakuwa na daftari lenye dakika na sekunde nzuri kabisa zisizoelekeza popote.

Kuna jambo linalowapata wengi bila wao kujua. Baadhi ya vinasa sauti vya mkononi hukata faili linapofika gigabaiti 2 na kuanza jingine papo hapo. Ukirekodi WAV ya stirio kwa 48 kHz na biti 24, kila dakika inakula takriban megabaiti 17, kwa hiyo faili linakatika baada ya saa mbili na dakika nne hivi. Mahojiano yetu ya saa 2 na dakika 31 yametoka yakiwa mafaili mawili: la kwanza lina urefu wa 02:04:15, na la pili lina dakika 27 na kidogo. Unukuzi wa faili la pili unaanza tena 00:00:00. Mtu mwenye haraka hufungua faili la kwanza, akalimaliza, akadhani mzee amemaliza kusema.

Yaunganishe mafaili mawili yawe moja la kufanyia kazi, na yale ya awali uyaache kama yalivyo. Kwa ffmpeg, programu inayofanyia kazi sauti kwa amri za maandishi, andika faili dogo la maandishi liitwalo `orodha.txt`:

```
file 'korosho_1.wav'
file 'korosho_2.wav'
```

Kisha endesha amri hii ukiwa ndani ya folda hiyohiyo:

```
ffmpeg -f concat -i orodha.txt -c copy korosho_yote.wav
```

Sauti haibadilishwi, inaunganishwa tu. Toka hapo, chochote kilichomo kwenye unukuzi wa faili la pili kinaongezewa 02:04:15. WAV ya kawaida ina kikomo cha gigabaiti 4, kwa hiyo mahojiano ya saa nne na zaidi kwa ubora huo usiyaunganishe. Yaache vipande vipande na uandike jina la faili mbele ya kila alama ya muda.

Unukuzi unaofaa kwa kazi hii

Alama moja kila dakika tano haitoshi, kwa sababu bado itakubidi usikilize dakika tano kutafuta sentensi moja. Unachotaka ni alama kila msemaji anapobadilika, na ndani ya jibu refu, alama kila baada ya sekunde kumi na tano hadi thelathini. Ukinukuu mwenyewe kwa mkono, oTranscribe inafunguka kwenye kivinjari na kukuwekea muda ulipofikia ukibonyeza Ctrl+J. Ukiletewa faili la manukuu kutoka kwenye programu, kwa kawaida litakuwa la SRT, ambalo kila kipande kina mwanzo na mwisho wake hadi elfu ya sekunde:

```
412
00:38:14,200 --> 00:38:20,900
Tukapeleka ghalani, tukapewa karatasi, fedha tukalipwa.
```

Umbo lolote kati ya hayo linafaa. Lenye mwanzo na mwisho lina faida kubwa zaidi, kwa sababu linakuonyesha pia mahali ambapo hakuna aliyesema kitu. Nitarudi kwenye hilo.

Pima saa kabla ya kuiamini

Chukua sehemu tatu za unukuzi: moja ndani ya dakika mbili za kwanza, moja katikati, moja karibu na mwisho. Chagua maneno yasiyojirudia, kama jina la kijiji au mlango uliofungwa kwa kishindo. Fungua sauti kwa VLC, bonyeza Ctrl+T, andika muda, usikilize. Andika tofauti kati ya alama ya unukuzi na mahali maneno yanaposikika kweli.

Tofauti ikiwa ileile mahali pote patatu, hakuna shida. Katika mfano wetu, faili la kwanza linachelewa kwa sekunde 12 kila mahali, kwa sababu kopi aliyopewa mnukuzi ilikatwa salamu za mwanzo. Basi kila alama ya faili la kwanza inaongezewa sekunde 12: 00:38:14 ya unukuzi ni 00:38:26 ya sauti. Faili la pili lipime lenyewe. Usidhani lina tofauti ileile. Letu halina, kwa sababu hakuna aliyelikata.

Tofauti ikiwa inakua, kwa mfano sekunde mbili mwanzoni, tisa katikati na kumi na sita mwishoni, kujumlisha namba moja hakutasaidia. Mara nyingi chanzo ni MP3 ambayo kasi yake ya biti inabadilikabadilika. Programu nyingi za kuchezea sauti hukisia mahali zilipofika ndani ya faili la namna hiyo, na kisio linazidi kupotea kadiri unavyosonga mbele. Igeuze iwe WAV kisha upime upya:

```
ffmpeg -i mahojiano.mp3 mahojiano.wav
```

Ikibaki palepale, basi ni alama zenyewe ziliwekwa kwenye kopi mbovu. Hapo utafanya kazi kwa kukadiria: sikiliza kuanzia nusu dakika kabla ya kila alama, na usithubutu kumkabidhi mhariri muda ambao hujausikia mwenyewe.

Tafuta mzizi wa neno, na uujue udhaifu wake

Sasa unatafuta. Kwa Kiswahili, kutafuta neno zima ni kujinyima. Mzee hatasema "kulipa" akiwa anasubiri umtafute. Atasema tulilipwa, hawakutulipa, sijalipwa, malipo, walionilipa. Ukiandika "hatukulipwa" kwenye Ctrl+F utapata sehemu moja kama una bahati. Tafuta kipande cha neno kinachobaki hata viambishi vikibadilika.

Lakini kipande kikiwa kifupi mno kinaleta uchafu. Ukitafuta "lip" tu, utazoa kila "nilipofika", "alipokuja" na "tulipeleka", na ukitafuta "lipa" utaletewa "nilipata" na "tulipanda" kwa wingi, jambo ambalo kwa mahojiano ya mkulima ni mkosi. Kitu kinachofaa ni mchanganyiko: "lipw" kwa umbo la kutendwa, "lipa" likiwa mwishoni mwa neno, na "malipo". Kwa grep, amri ya kusaka maneno ndani ya faili, inaandikwa hivi, ambapo `\b` ina maana ya mpaka wa neno:

```
grep -n -i -E "lipw|lipa\b|malipo" unukuzi.txt
```

Kama hutumii grep, fanya msako mara tatu kwenye programu yako ya kuandikia, ni kazi ya dakika chache tu.

Halafu kuna matamshi. Huku kwetu wapo wazee wanaotamka "kolosho", na mnukuzi mmoja ataandika alivyosikia ilhali mwingine atasahihisha. Ukitafuta "korosho" peke yake unawapoteza wa kwanza. `ko[rl]osho` inawakamata wote. Fanya hivyohivyo kwa kila neno lenye l au r ambalo ni muhimu kwa habari yako. Majina ya vijiji na maneno ya Kimakonde yaliyochomekwa katikati ya Kiswahili yatafute kwa tahajia mbili au tatu, na kama unukuzi umetoka kwenye programu, usishangae ukikuta hapo maneno ya Kiswahili yasiyo na maana yoyote. Maneno yasiyo na maana ni dalili nzuri. Weka alama, ukasikilize, maana mara nyingi mzee alibadili lugha kwa sababu jambo lilimgusa.

Maneno ya mada yanakuonyesha anapozungumzia fedha. Hayakuonyeshi anaposema jambo la kukumbukwa. Kwa hilo nina orodha nyingine, ya maneno ambayo msimuliaji wa Kiswahili huyatumia anapogeuka: "kumbe", "ndipo", "nikamwambia", "akaniambia", "tangu siku hiyo", "mpaka leo", "kusema ukweli". Msako wa "mwambia" na "niambia" peke yake huzaa kuliko mwingine wowote, kwa sababu mtu anaporudia mazungumzo aliyoyafanya, anaacha kueleza mambo kwa jumla na kuingia kwenye tukio. Nukuu nyingi nzuri zinakaa hapo.

Soma pia mahali palipo kimya

Hiki ndicho ninachokitaka zaidi watu wakijue, kwa sababu msako wa maneno hauwezi kukifanya. Tazama kipande hiki cha unukuzi wetu:

```
[01:11:48] MZEE: Mtoto alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Mwalimu anataka ada.
[01:12:05] MHOJI: Babu, ukamwambia nini mwalimu?
[01:12:18] MZEE: Nikamwambia, mwalimu, mwandike mtoto. Fedha yake iko ghalani, ina kufuli.
```

Swali la maneno manne halichukui zaidi ya sekunde mbili. Jibu linaanza sekunde kumi na tatu baada ya swali kuanza. Kuna sekunde kumi na moja ambazo hakuna aliyesema kitu, na unukuzi haukuziandika popote isipokuwa kwenye hesabu ya alama. Labda mzee alikuwa anakunywa maji. Labda pikipiki ilipita. Labda alikuwa anaitafuta sauti yake. Huwezi kujua kwa kusoma, lakini sasa unajua pa kwenda kusikiliza.

Kwa hiyo pitia alama peke yake, bila kusoma maneno, ukitafuta mambo mawili: swali fupi lililofuatwa na pengo, na swali fupi lililofuatwa na jibu refu lisilokatizwa. La pili linaonyesha mahali ambapo mhoji aliuliza "kwa nini?" na msemaji akafunguka. Maswali marefu ya mhoji mara chache huzaa nukuu, maana jibu lake huwa "ndiyo, ndivyo ilivyokuwa", na hakuna msikilizaji anayeweza kulielewa bila swali.

Hapa tumeenda kwenye 01:12:17 ya sauti, ambayo ni 01:12:05 na sekunde zetu 12. Kimya ni kimya kweli. Anasikika kuku kwa mbali, mzee anavuta pumzi, kisha anasema. Imeingia kwenye orodha ikiwa na daraja la kwanza.

Sikiliza kila silabi

Rudi sasa kwenye ile ya 00:38:14, "fedha tukalipwa". Ukiisoma, mzee anasema walilipwa. Lakini sentensi inayofuata katika unukuzi ni "Nikarudi nyumbani na karatasi yangu mfukoni." Mtu aliyelipwa angetaja fedha mfukoni, si karatasi. Mkwaruzo mdogo wa namna hiyo kati ya sentensi mbili ni sababu tosha ya kusimama.

Anza sekunde kumi na tano kabla, yaani 00:38:11 ya sauti, ukiwa na hedfoni, na ukihitaji punguza mwendo ufike robo tatu. Mzee anasema: "tukapewa karatasi, fedha hatukulipwa." Ile "ha" imemezwa na mwisho wa "fedha", mnukuzi akasikia "tuka". Silabi moja imeligeuza dai zima.

Kiswahili kina hatari hii kwa sababu ukanushi, mtendaji na mtendwa vyote vinabebwa na silabi fupi mwanzoni au katikati ya neno, na huko ndiko wazee wanakotamka kwa haraka. Hizi ndizo ninazozisikiliza mara mbili kila ninapokuta nukuu inayohusu fedha au lawama: *waka-* na *hawaku-*, *tuka-* na *hatuku-*, *ali-* na *wali-* (mtu mmoja alichukua, au watu walichukua?), *tuliuza* na *tuliuziwa*. Ongeza namba. "Elfu mbili mia tatu" na "elfu mbili na mia mbili" zikisemwa kwa haraka zinakaribiana mno, na mtu anaposema saa, hakikisha kama mnukuzi hakuibadilisha kichwani: saa mbili asubuhi ibaki saa mbili asubuhi. Kama baada ya kusikiliza mara tano bado huna uhakika, mwombe mtu mwingine asikilize bila kumwonyesha maandishi. Ukimwonyesha kwanza, atasikia ulichoandika.

Fuatilia dai hadi mwisho wa sauti

Tumepata nukuu inayowasha moto: mzee alipeleka gunia saba, akapewa karatasi, hakulipwa. Ina tukio, ina idadi, inaeleweka bila swali, ina urefu wa sekunde kumi na mbili. Waandishi wengi wangeishia hapa. Sheria yangu ni kwamba nukuu yenye lawama haitoki mpaka mzizi wake umesakwa hadi mstari wa mwisho wa unukuzi, mafaili yote.

Ule msako wa `lipw` ulileta mistari kadhaa. Mmoja uko faili la pili, 00:17:40:

```
[00:17:40] MZEE: Nimesema hatukulipwa, ile nilikuwa nasema ya pili. Ya kwanza
           tulilipwa palepale. Na ya pili ilikuja, ila ilikuja mvua zimeshaanza,
           tayari nimeshakopa mbegu.
```

Kwenye sauti iliyounganishwa hiyo ni 02:21:55. Mzee amejirekebisha mwenyewe, zaidi ya saa moja na dakika arobaini baadaye, bila kuulizwa. Watu hufanya hivi sana katika mahojiano marefu: wanasema jambo kwa uchungu, linakaa kichwani, wanalirudia wakiwa wametulia. Ukiitumia ya 00:38:26 peke yake, umekionea chama na umemweka mzee mahali pabaya mbele ya majirani zake, ilhali yeye alishalinyosha. Tena maneno ya pili yana habari zaidi. Yanataja awamu, yanataja kuchelewa, na yanataja gharama ya kuchelewa: mkopo wa mbegu. Msikilizaji wa Newala au Ruangwa ataielewa hiyo haraka kuliko "hatukulipwa".

Zaidi ya msako wa mzizi, sikiliza dakika mbili kabla na dakika mbili baada ya kila nukuu utakayoitumia. Hapo ndipo unapogundua kwamba "walitudharau" ilisemwa kuhusu wanunuzi wa kangomba, wale wanaonunua nje ya mfumo, na si kuhusu chama, au kwamba mzee alikuwa anarudia maneno ya mtu mwingine. Katika usimulizi wa Kiswahili msemaji anaweza kuingia na kutoka ndani ya maneno ya mwenzake bila kusema "alisema". Kwenye maandishi mpaka huo hauonekani. Kwenye sauti unausikia, kwa sababu anabadili mlio.

Orodha na alama kwenye sauti

Andika orodha ya nukuu ulizozithibitisha kwa sikio, si ulizozisoma. Kila mstari uwe na muda wa mwanzo na mwisho wa sauti ya awali, maneno kamili, jambo moja la muktadha, na hali ya sauti: safi, upepo, adhana nyuma, pikipiki mwishoni. Mahojiano ya saa mbili na nusu yakikupa nukuu nane hadi kumi na mbili za kuchagua, yamekupa za kutosha. Ukiwa na arobaini, bado hujachagua.

Unaweza kuzipeleka zote ndani ya Audacity kwa mara moja. Audacity inasoma faili la maandishi lenye mwanzo kwa sekunde, mwisho kwa sekunde, na jina, vikitenganishwa kwa kitufe cha Tab. Kugeuza muda ni hesabu ndogo: 00:38:26 ni dakika 38 mara 60, ongeza 26, sawa na 2306. Za mfano wetu ni hizi:

```
2306.0	2318.0	N1 hatukulipwa
4337.0	4361.0	N2 mwalimu, anza na kimya
8515.0	8556.0	N3 ya pili ilikuja
```

Fungua `korosho_yote.wav`, nenda File, kisha Import, kisha Labels, na alama tatu zitajipanga chini ya mchoro wa sauti. Ukigundua jipya wakati unasikiliza, Ctrl+M inaweka alama mahali sauti ilipofika.

Kukata

Alama ya muda ya unukuzi haikatiwi juu yake. Inakuleta karibu, na mchoro wa sauti ndio unaokuonyesha pumzi iko wapi. Kata ndani ya pumzi, kabla haijaisha, ili neno la kwanza lisianze ghafla. Kwa maneno yanayoanza na "ha" acha nafasi zaidi, maana h ni hewa tupu na kwenye mchoro inaonekana kama kimya. Ukikata ulipoona mchoro unainuka, "hatukulipwa" linakuwa "atukulipwa". Toa kwanza kipande chenye ziada ya sekunde tano kila upande, umpe mhariri akate mwenyewe:

```
ffmpeg -i korosho_yote.wav -ss 01:12:12 -to 01:12:46 -c copy N2_01-12-17.wav
```

N2 nimeiacha na kimya chake chote, pamoja na swali la mhoji. Mtu atakayekitoa kile kimya ili kuokoa muda atabaki na jibu lililotayarishwa tangu jana, na mzee hakulitayarisha.

N1 na N3 zisishonwe zikawa sentensi moja. Zilisemwa sehemu mbili tofauti, na mshono unamtungia mzee maneno ambayo hakuyasema kwa mpangilio huo. Weka sauti ya mtangazaji katikati: N1, halafu "Baadaye katika mazungumzo yetu mzee akafafanua", halafu N3. Kwa makala ya maandishi, funga nukuu ya kwanza, eleza kwa maneno yako, fungua ya pili. Kama dakika zako zinatosha nukuu moja tu ya malipo, chukua N3 na uiache N1, hata kama N1 ndiyo inayogonga zaidi.

Jina la faili libebe muda wa awali, kama `N2_01-12-17`. Orodha, unukuzi uliosahihishwa na mafaili mawili ya awali vikae folda moja, pamoja na mstari unaosema faili la kwanza liliongezewa sekunde 12 na la pili 02:04:15. Chama kikipiga simu asubuhi ya matangazo kikiuliza mzee alisema nini hasa kuhusu malipo, mtu yeyote aliyeko zamu, hata kama hakuwapo Tandahimba, anafungua folda, anabonyeza Ctrl+T, anaandika 02:21:55, na wote wawili wanasikiliza.